Sura ya 7: Barua ya Kusomwa Kabla ya Wosia

"Kama si sheria, nitaiandika ya nini?" Kila nikitaja barua ya matakwa mbele ya watu, swali ni hilo. Mara nyingi anayeuliza ameshaandika wosia, ameulipia kwa wakili, na anaona kazi imekwisha.

Mimi humwomba atazame kalenda. Mtu akifariki Jumatatu hapa Kenya, usiku huohuo nyumba imejaa. Jumanne kamati ya mazishi imeundwa, mweka hazina amepatikana, na kikundi cha michango kimefunguliwa kwenye simu. Kufikia Alhamisi wameshakubaliana siku, mahali, jeneza na idadi ya mabasi. Wosia uko wapi wakati huo? Uko kwenye kabati la wakili, nao kwa kawaida hufunguliwa baada ya maziko, watu wakishapumzika. Kwa hiyo aliyeandika ndani ya wosia kwamba asilazwe mochari wiki tatu, ujumbe wake umefika kaburi likiwa limeshafunikwa.

Barua ya matakwa ndiyo inayoweza kufika mapema.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Wosia ni maandishi ambayo mtu anaeleza mali yake igawanywe vipi akifa. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, sura ya 160, wosia wa maandishi hutiwa sahihi na mwenyewe na kushuhudiwa na watu wawili au zaidi. Msimamizi wa wosia ni yule uliyemtaja humo akusanye mali, alipe madeni na kuwapa watu haki zao. Marehemu ni wewe, siku hiyo ikifika.

Barua ya matakwa ni barua ya kawaida kwa hao wasimamizi, yenye kueleza yale ambayo wosia hauna nafasi ya kuyaeleza. Haihitaji wakili wala muhuri. Msimamizi akiipuuza, hakuna wa kumshtaki kwa hilo tu. Wosia ukishathibitishwa na mahakama huwekwa kwenye kumbukumbu zake, na watu wanaruhusiwa kuukagua. Barua hubaki kwa familia. Ndiyo maana mambo ya ndani, kama vile kwa nini mtoto fulani amepewa kidogo au nani asiachiwe pesa mkononi, yanafaa zaidi kwenye barua.

Katika sura hii tutamfuata mtu mmoja wa kubuni, ili tuone mambo kwa karibu. Ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Nakuru, mjane wa miaka 46. Ana binti wa miaka 19 na wavulana wawili, wa miaka 11 na 8. Ana ploti Nakuru, akiba kwenye chama cha ushirika, na vyombo vya nyumba. Mumewe alizikwa kwao Vihiga. Katika wosia amewataja wasimamizi wawili: kaka yake mkubwa na mwalimu mwenzake wa miaka mingi.

Mazishi: kumpa msimamizi kipimo

Watu wengi hudhani sehemu hii ni ya kuchagua nyimbo. Nyimbo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni pesa na siku.

Sheria inamtaka msimamizi atoe katika mali ya marehemu gharama za mazishi ya kiasi cha kufaa. Lakini kiasi cha kufaa ni kipi? Kamati ya mazishi ina jibu lake, mjomba ana lake, na hakuna anayetaka kuonekana bahili mbele ya waombolezaji. Msimamizi akisema peke yake kwamba hema la tatu halihitajiki, ataambiwa anazuia mali ya marehemu. Akiwa na barua, si yeye anayesema. Tusome alichoandika mwalimu wetu:

*"Kaka yangu, nawe mwalimu mwenzangu. Mkisoma hapa najua nyumba imeshajaa watu. Ningependa nizikwe Vihiga kando ya baba watoto. Nimeshaongea na mama mkwe, tumeelewana, muulizeni. Ningependa iwe ndani ya siku 7, na wavulana wasitolewe shuleni wakiwa kwenye mitihani ila kwa siku ya maziko na ya kuamkia. Jeneza liwe la mbao za kawaida. Watu wale, lakini ng'ombe mmoja anatosha. Matumizi yote yasipite shilingi 150,000. Msikope. Michango ikibaki, iwe karo ya hawa wavulana."*

Sentensi inayobeba uzito hapo ni ile ya mama mkwe. Barua inayotaja mahali pa kuzikwa bila mtu yeyote wa ukoo kujua huanzisha mabishano mapya. Barua inayosema "muulizeni fulani" ina shahidi aliye hai.

Kenya ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Matasia, karibu na Ngong, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Kijaluo. Mahakamani akasimama hata mchimba kaburi, akasema marehemu alimwambia angependa kulazwa karibu na baba yake. Maneno ya mdomo yalikuwa mengi, na kila upande ulikuwa na yake. Mwili ulikaa mochari hadi ukoo uliposhinda katika Mahakama ya Rufani, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa kwake.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba karatasi moja ingeimaliza kesi ile. Msimamo wa mahakama zetu ni kwamba maiti si mali, kwa hiyo huwezi kuigawa kwa wosia kama unavyogawa shamba. Matakwa ya marehemu hufuatwa kadiri inavyowezekana, mradi yasipingane na mila zake au na sheria ya nchi. "Kadiri inavyowezekana" ni mlango uliofunguliwa nusu. Unapita kwa urahisi zaidi kama walio hai wamekubali mapema.

Profesa Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, familia yake ilijua kwamba hakutaka miti ikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa la magugu maji, mafunjo na mwanzi, na mwili ukachomwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi. Hilo si jambo la kawaida kwa Wakikuyu, wala kwa Wakenya wengi. Liliwezekana kwa sababu waliobaki walilijua na wakasimama pamoja.

*Kwa ufupi: taja mahali, idadi ya siku na kiwango cha juu cha pesa, kisha mtaje mtu aliye hai anayejua haya.*

Vitu vidogo vyenye kelele kubwa

Nimeona ndugu wakigawana ekari tano bila neno, kisha wakanuniana mwaka mzima kwa sababu ya redio ya baba. Shamba lina hati, lina mipaka, lina mpimaji. Redio haina chochote ila kumbukumbu, na kila mtoto ana kumbukumbu yake.

Hapa kuna mbinu inayofanya kazi vizuri. Katika wosia, mwalimu wetu ameandika kwamba vyombo vyake vyote vya nyumbani na vitu vyake vya mwilini anampa binti yake. Basi. Hakuorodhesha kijiko wala kikombe. Katika barua anamweleza binti huyo angependa vigawanywe vipi. Akibadili nia mwezi ujao kuhusu saa ya mkononi, anaandika barua upya kwa dakika kumi. Hatafuti wakili, hatafuti mashahidi.

Mbinu hii ina upungufu wake, nao lazima usemwe: kisheria vitu vyote ni vya binti. Akiamua kubaki navyo, wadogo zake hawana pa kwenda. Kwa hiyo chagua mtu ambaye ungemwachia ufunguo wa nyumba. Na kitu chochote ambacho kingeuzwa kwa pesa za maana, kama gari, dhahabu au mashine ya kazi, kitoe kwenye barua ukiandike kwenye wosia kwa jina la anayekipata.

*"Mwanangu, cherehani nyeusi ya kukanyaga, ile yenye droo iliyovunjika mkono, ningependa ibaki kwako, kwa kuwa ndiyo iliyonilipia chuo na wewe ndiye uliyejifunza kuitumia. Biblia yenye tarehe zetu za kuzaliwa apewe mkubwa kati ya wadogo zako, maana huyo ndiye huuliza habari za babu. Saa ya baba yenu apewe mdogo, hata kama haitembei. Leso zangu wagawie shangazi zako, wachague wenyewe, kuanzia mkubwa."*

Kitu kimeelezwa kwa alama yake, ile droo iliyovunjika, ili mtu asije akadai ilikusudiwa cherehani nyingine. Sababu pia imetajwa kwa kila kimoja. Mtoto aliyepewa saa isiyotembea, bila maelezo, angeweza kukua akiamini alipewa takataka. Na pale ambapo mama hakuweza kuchagua, kwenye leso, ameacha utaratibu: wachague wenyewe, kuanzia mkubwa.

Watoto: jina kwenye wosia, maisha kwenye barua

Kosa kubwa kuliko yote ninayokutana nayo ni mzazi kumtaja mlezi wa watoto ndani ya barua ya matakwa peke yake. Mlezi, kwa maana ya sheria, ni mtu anayeshika nafasi ya mzazi hadi mtoto afike miaka 18. Mzazi anaweza kumteua kwa wosia, au kwa hati maalumu iliyoshuhudiwa. Barua tupu haimpi mtu mamlaka hayo. Kama mzazi wa pili yu hai, naye anabaki na haki zake, na mlezi uliyemteua hawezi kumwondoa. Wakishindwa kuelewana, mahakama ndiyo huamua, nayo huangalia maslahi ya mtoto kabla ya kitu kingine.

Mwalimu wetu amemteua mdogo wake wa kike, anayeishi Eldoret, ndani ya wosia. Kwanza alimpigia simu akamuuliza. Sentensi hii naiandika taratibu kwa sababu wengi huiruka: alimuuliza. Mdogo wake alikubali, ila akasema nyumba yake ina vyumba viwili. Jibu hilo likabadilisha wosia, kwani sasa kuna kiasi cha akiba kilichotengwa kwa ajili ya makazi ya watoto, kikiwa mikononi mwa wasimamizi wawili.

Barua inaanza hapo:

*"Mdogo wangu, wavulana ningependa wasitenganishwe, hata kwa muhula mmoja. Wakihama shule, wahame Januari, si katikati ya mwaka. Huyu mdogo ana pumu. Dawa ya kuvuta iko mfuko wa mbele wa begi lake la shule, na nyingine kwenye droo ya kitanda. Asilale jikoni kwenye moshi wa kuni wakienda Vihiga likizoni, bibi yao analijua hili. Likizo ya Desemba waende huko kila mwaka, wasije wakawa wageni kwao. Mkubwa hasemi akiumia. Akinyamaza zaidi ya siku mbili, mtafute."*

Hakuna hakimu atakayelazimisha mtu kumtafuta mtoto aliyenyamaza siku mbili. Lakini hakuna kipengele cha wosia kitakachomsaidia shangazi huyu usiku wa kwanza kuliko mstari huo.

Kuhusu pesa, aliwaandikia wasimamizi maneno machache: karo kwanza, kisha matibabu, kisha sare na nauli; simu na mavazi ya sikukuu ni juu ya mlezi kuamua. Wosia umewapa uhuru wa kutumia akiba kwa faida ya watoto. Barua inawaonyesha jinsi mama angeutumia uhuru huo kama angekuwepo.

*Kwa ufupi: jina la mlezi na pesa za watoto ziwe kwenye wosia. Dawa, shule, likizo na tabia za mtoto ziwe kwenye barua.*

Namna barua inavyoweza kugeuka wosia bila wewe kujua

Sheria ya Urithi, kifungu cha 12, inasema kwamba wosia ukirejelea karatasi nyingine ambayo tayari imeshaandikwa, inayoeleza sehemu ya nia yako, na ikatambulika wazi kuwa ndiyo hiyo, basi karatasi hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya wosia. Tuseme umeandika barua tarehe 3 Machi, kisha wosia wa tarehe 10 Machi ukasema: "vitu vyangu vigawanywe kama nilivyoandika katika barua ya tarehe 3 Machi." Umeiingiza barua ndani ya wosia. Haiwi siri tena, na huwezi kuibadilisha kwa dakika kumi.

Hatari ya pili ni mashahidi. Kuna watu wanaotaka barua iwe na uzito, wakaita majirani wawili watie sahihi. Sasa una karatasi yenye sahihi yako, mashahidi wawili na maneno ya kugawa vitu, na ni ya tarehe ya baadaye kuliko wosia. Mrithi asiyeridhika atamwambia hakimu kwamba huo ndio wosia wa mwisho. Anaweza kushindwa, lakini familia itakuwa imelipa mawakili.

Kinga zake ni nyepesi:

- Andika wosia kwanza, barua baadaye, na weka tarehe kwenye barua.
- Anza barua kwa sentensi hii au inayofanana nayo: "Hii si wosia wala nyongeza ya wosia wangu, ni matakwa tu."
- Tia sahihi peke yako, bila mashahidi.
- Tumia "ningependa", "naomba", "natumaini". Usitumie "nampa", "namrithisha", "naagiza".

Hilo la mwisho lugha yetu inalibeba vizuri. "Nampa" ni tendo limekwisha kufanyika. "Ningependa apewe" humwachia msomaji nafasi ya kuamua, na hakimu anayejua Kiswahili ataisikia tofauti hiyo. Rudi kwenye barua ya mwalimu uone: hakuna "nampa" hata moja. Ameandika "msikope" mara moja, na kwa kaka mtu hilo si kosa.

Pale barua inaposikilizwa mahakamani

Nimesema barua haimfungi mtu. Lakini si kweli kwamba mahakama haiitazami kamwe. Mtegemezi, yaani mke, mume, mtoto au mwingine aliyetajwa na sheria, akiona wosia umemsahau, anaweza kuomba mahakama impatie sehemu ya kutosha. Miongoni mwa mambo ambayo hakimu hutakiwa kuyapima, kifungu cha 28 kinataja sababu za marehemu za kutomwachia kitu, kama zinaweza kujulikana.

Wafu hawaitwi kizimbani. Sababu hizo hujulikana vipi basi? Kwa barua. Ukiandika kwa utulivu kwamba mwanao wa kwanza ulimnunulia matatu mwaka fulani kwa kiasi fulani, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa fungu lake, umemwachia hakimu kitu cha kupima. Ukiandika kwamba ni mlevi na mkewe ni mchawi, umempa wakili wake zawadi. Taja tukio, tarehe na kiasi. Matusi yaache.

Kwa Waislamu wa Kenya, mirathi huenda kwa sheria ya dini: mafungu yamepangwa, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Barua haiwezi kuyasogeza mafungu hayo. Lakini madeni unayodaiwa, amana za watu ulizoshika, nani akuoshe, na dawa za mtoto, yote yanaandikika. Na kwa kuwa maziko hufanyika mara nyingi siku hiyohiyo, karatasi iliyofungiwa kwa wakili haina faida yoyote.

Iwekwe wapi, na iandikwe upya lini

Mwalimu wetu alitengeneza bahasha nne. Ukurasa wa mazishi, peke yake, aliutoa nakala mbili: moja kwa kaka yake, nyingine kwa mama mkwe. Hao ndio watakaokuwepo usiku wa kwanza. Sehemu ya watoto alimpa mdogo wake wa Eldoret. Barua nzima, ikiwa na ya vitu, ameiweka nyumbani pamoja na hati zake, na wasimamizi wote wawili wanajua ni droo gani. Namba za siri za simu na benki hakuandika popote, maana barua husomwa na wengi. Aliandika tu majina ya benki na chama cha ushirika.

Kama angeolewa tena, wosia wake ungebatilika kwa ndoa hiyo, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo hasa. Barua ingebaki droo ileile, ikizungumza na wasimamizi ambao hawana tena wosia wa kusimamia. Kwa hiyo kila linalomfanya mtu aguse wosia, yaani ndoa, mtoto, kifo cha msimamizi au kuuzwa kwa ploti, linamfanya aguse barua pia. Zaidi ya hayo, watoto hukua. Ninachoshauri ni kuisoma kila Januari, wakati wa kulipa karo, kwa sababu mawazo yameshakuwa huko.

Januari iliyofuata aliisoma yake. Mdogo alikuwa amebadilishiwa dawa na daktari, na ng'ombe mmoja kwa bei za mwaka huo asingetosha ndani ya shilingi 150,000. Hakukata mistari wala kubandika karatasi, kwani barua yenye mikato huzua swali la nani aliyekata. Aliandika upya kurasa zote kwa mkono wake, akaweka tarehe mpya, akasambaza nakala, akaomba zile za zamani zirudishwe. Mama mkwe alirudisha yake ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia. Nakala hizo zilitosha kuwashia jiko la jioni.